Sebule ya mita 21 na maboksi 15 ya vigae: hesabu ilipokosewa

Sebule ina urefu wa mita 5.20 na upana wa mita 4.10. Mwenye nyumba alizidisha, akapata mita za mraba 21.32. Vigae alivyochagua, au tailizi kama mafundi wengi wanavyoviita, ni vya poselini vya sentimita 60 kwa 60, vinne kwa boksi, na boksi limeandikwa mita za mraba 1.44. Akagawanya, akapata maboksi 14.8, akanunua 15. Kwa hesabu hiyo alikuwa na mita za mraba 21.6 za vigae kwa sakafu ya 21.32, na akaamini kwamba kidogo kitabaki.

Vigae 60 vilipokwisha, pembeni ya sebule palikuwa bado pana matundu matatu, kizingiti hakijaguswa, na hakuna hata kipande kizima cha skatingi, ule ukanda wa vigae wa chini ya ukuta, kilichotayarishwa. Dukani loti ile ile, yaani vigae vilivyochomwa pamoja na hivyo, ilikuwa imekwisha. Kosa hili ni la kila siku, na halitokani na uzembe. Linatokana na kuamini kwamba sakafu hujazwa kwa mita za mraba, ilhali hujazwa kwa vigae vizima na vilivyokatwa, na kigae kilichokatwa hula kigae kizima.

Tuihesabu upya sebule hii kama fundi anavyopaswa kuihesabu kabla hela haijatoka mfukoni. Chukua karatasi, chora chumba, kisha uhesabu vigae kwa safu. Kigae kimoja pamoja na nafasi ya grauti ya milimita 3 kinachukua sentimita 60.3. Kwenye urefu wa mita 5.20 vinaingia 8 vizima, na panabaki takriban sentimita 36 baada ya kuacha upenyo mdogo ukutani. Hicho ni kigae cha tisa, kitakachokatwa. Kwenye upana wa mita 4.10 vinaingia 6 vizima, panabaki sentimita 47. Hicho ni cha saba. Tisa mara saba ni 63. Sakafu peke yake, bila kigae hata kimoja kuvunjika, inahitaji vigae 63. Mwenye nyumba alikuwa na 60.

Mtu atauliza: vipande vilivyobaki baada ya kukata havirudi kazini? Hapa ndipo mchoro unapotoa jibu ambalo asilimia haiwezi kulitoa. Kigae kikikatwa kubaki sentimita 36, kipande cha pili ni kama 24. Hakiwezi kuziba tundu lingine la 36. Kikikatwa kubaki 47, kipande cha pili ni 13, nacho hakizibi kitu sakafuni. Mabaki yanarudi sakafuni pale tu tundu la pembeni linapokuwa dogo kuliko nusu ya kigae, na fundi mzuri hukwepa matundu ya namna hiyo kwa sababu vipande vyembamba huonekana vibaya na hupasuka kwa urahisi.

Ndiyo maana ile kanuni ya kuongeza asilimia 10 inafaa kama makadirio ya haraka, lakini isiachwe iamue peke yake. Kwa sebule hii, asilimia 10 inatoa mita za mraba 23.45, yaani maboksi 17, vigae 68. Chumba hiki hiki kikiwekewa vigae vya 80 kwa 80, hesabu ya safu inatoa 7 mara 6, yaani 42, ambavyo ni mita za mraba 26.88. Hiyo ni asilimia 26 juu ya sakafu. Aliyeongeza asilimia 10 angekwama kabla ya kufika ukuta wa pili. Kigae kinapokuwa kikubwa kwa chumba cha kawaida, upotevu unategemea zaidi jinsi vipimo vya chumba vinavyogawanyika kuliko uhodari wa mkataji. Na vigae vikilazwa mshazari, badala ya kufuata ukuta, pembezoni mote panakuwa na pembetatu, hivyo makadirio ya kuanzia yawe asilimia 15.

Turudi kwenye 63. Hizo ni za sakafu ya ndani ya kuta nne. Mlango mmoja wa sentimita 90 na uwazi wa mita 1.50 unaoingia sehemu ya kulia chakula vina kina cha ukuta cha sentimita 15, nacho kinahitaji kufunikwa. Hizo ni mita 2.40 za vipande vya upana wa 15. Kigae kimoja kinatoa vipande vitatu vya upana huo, kwa sababu msumeno nao unakula milimita kadhaa na cha nne hakifiki. Vinahitajika vipande vinne, hivyo vigae viwili.

Skatingi ndiyo inayosahaulika zaidi. Mzunguko wa chumba ni mita 18.60. Toa mlango na uwazi, inabaki mita 16.20. Kwa kimo cha sentimita 10 hizo ni vipande 27 vya sentimita 60. Hapa mpangilio mzuri unaokoa vigae. Badala ya kuanza na kigae kizima ukutani na kumalizia na 36 upande wa pili, fundi anapanga kutoka katikati: vigae 7 vizima, na kila mwisho kipande cha sentimita 48. Idadi inabaki tisa ile ile, sakafu inaonekana sawa pande zote mbili, na kila kigae kinachokatwa kinaacha ukanda wa karibu sentimita 11.5. Kanda hizo ni 14, na kila moja ikipunguzwa kidogo inakuwa skatingi ya sentimita 10. Vinabaki vipande 13 vya kutafuta. Kigae kizima kinatoa vitano, kwa hiyo vigae vitatu zaidi.

Sasa jumla ni 63, na 2, na 3: vigae 68. Ni maboksi 17 kamili, bila akiba hata moja ya kuvunjika. Kwa hiyo idadi ya kununua ni maboksi 18. Vile vinne vya boksi la mwisho ni vya kukata vibaya, kigae kilichotoka na kona iliyobanduka, na viwili hivi vya kuweka stoo kwa ajili ya matengenezo ya baadaye. Kwa upana, fundi anafuata mtindo ule ule: vigae 5 vizima katikati, na kila upande kipande cha sentimita 53.5.

Kosa la maboksi 15 lina ubaya wa pili ambao hauonekani kwenye hesabu. Kila boksi lina namba ya loti, na mara nyingi namba ya rangi na ya kipimo halisi. Vigae vya jina moja vilivyochomwa siku tofauti vinaweza kutofautiana rangi kidogo, na vinaweza kutofautiana ukubwa kwa milimita moja hivi. Tofauti ya rangi haionekani ukishika kigae kimoja mkononi. Inaonekana jioni, mwanga wa dirisha unapopita chini chini juu ya sakafu. Tofauti ya milimita moja nayo inaharibu msitari: kwa safu ya vigae tisa, nafasi za grauti zinahama karibu sentimita moja kufikia ukuta wa pili, na misalaba ya plastiki ya milimita 3 haikai tena.

Katika kisa hiki, boksi tatu za nyongeza zilipatikana za loti nyingine. Zilipolazwa kavu kando ya zile za kwanza zilionekana nyeupe zaidi kwa kiasi kidogo. Kama upungufu ungegunduliwa mapema, njia safi ilikuwa kuweka loti mpya kwenye skatingi na kizingiti, sehemu ambazo haziko bega kwa bega na sakafu kuu, na kuiacha loti ya kwanza imalize sakafu kadiri inavyoweza. Matundu matatu yaliyobaki yalikuwa kwenye ukuta ambao kochi kubwa litakaa, na fundi alipachagua pale kwa makusudi alipoona maboksi yanaelekea kwisha. Hilo lilikuwa jambo la busara. Fundi ambaye angeendelea tu mpaka kigae cha mwisho angeyaacha matundu mlangoni, mahali pa kwanza mgeni anapotazama.

Gundi ni suala lingine. Poselini hainywi maji, au inakunywa chini ya asilimia 0.5 ya uzito wake, na uji wa saruji tupu unahitaji kigae kinachonyonya maji kiasi fulani ili ushike. Kwa kigae cha namna hii gundi ya unga yenye kemikali ya kushikisha ndiyo inayofaa, na mfuko uwe umeandikwa kwamba unafaa poselini. Kwa mwiko wa meno ya milimita 10, na kupaka mpako mwembamba mgongoni mwa kigae, hesabu ya kilo 5 kwa mita ya mraba inakaa vizuri. Sakafu, kizingiti na skatingi kwa pamoja ni karibu mita za mraba 23.3. Mara 5 ni kilo 116.5, yaani mifuko 6 ya kilo 20 ikibaki kidogo sana. Nunua 7.

Hesabu hiyo lakini ni ya sakafu iliyonyooka. Kabla ya kulaza, fundi alipoweka rula ya alumini ya mita mbili na pima maji juu ya sakafu, upande wa dirisha mwanga ulipita chini ya rula.

"Mama, huku pameshuka," alisema. "Milimita 12 katikati."

"Si utajaza na gundi hiyo hiyo?"

"Gundi ikiwa nene hivyo inasinyaa ikikauka. Kigae kitashuka nacho, na mguu utajikwaa kwenye kona."

Alikuwa sahihi. Kila milimita moja ya ziada ya unene inakula takriban kilo 1.4 kwa mita ya mraba. Sakafu yote ya mita 21 ikiwa imeshuka milimita moja tu, hizo ni kilo 30, mfuko mmoja na nusu uliokwenda bila kuonekana. Bonde hili la mita moja na nusu kwa moja na nusu lingekula karibu mfuko mzima, lakini gharama si ndiyo tatizo kubwa, kusinyaa ndiko. Suluhisho lilikuwa kulijaza siku iliyotangulia. Sakafu ya zamani ilikwaruzwa kwa patasi ili ishike, ikafagiwa, ikaloweshwa, ikapigwa brashi ya uji wa saruji, kisha ikawekwa mota ya saruji moja kwa mchanga laini tatu na kukokotwa kwa rula. Kwenye kingo, pale mota inapokuwa nyembamba kama karatasi, fundi hakuipitisha. Mota nyembamba hivyo inakauka kabla ya kushika na inavunjika kama unga. Aliacha kingo zijazwe na gundi siku ya kulaza.

Kabla ya kuchanganya gundi, kulikuwa na chumba kisichokaa mraba. Upande wa dirisha upana ulikuwa mita 4.10, upande wa mlango 4.07. Fundi anayeanza kwa kufuata ukuta mmoja anabeba kosa la ukuta huo hadi ule wa pili, na mwishoni kipande cha kukatwa kinaanza kipana na kumalizia chembamba kama kabari. Hapa vilivutwa nyuzi mbili zinazokatana katikati ya chumba, na pembe ikahakikishwa kwa kipimo cha 3, 4 na 5 kilichopunguzwa nusu ili kienee chumbani: kutoka katikati, mita 1.5 kwenye uzi wa upana, mita 2 kwenye wa urefu, na umbali kati ya alama hizo uwe mita 2.5 kamili. Ukipitiliza hata sentimita moja, sogeza uzi. Kwa kuanzia katikati, zile sentimita 3 zinagawanyika pande zote mbili, na jicho halizioni.

Kisha kulaza. Gundi inachanganywa na maji kwa kiasi kilichoandikwa mfukoni, inaachwa itulie dakika tano, inakorogwa tena bila kuongeza maji. Mwiko wa meno unavutwa upande mmoja tu, mistari ikienda sambamba, ili hewa itoke pembeni kigae kikibonyezwa. Gundi isitandazwe zaidi ya eneo la vigae viwili au vitatu. Chumba chenye upepo na jua la dirishani kinaifanya itengeneze ngozi juu kabla ya dakika 20. Gusa kwa kidole: kidole kikitoka kikavu, gundi hiyo imekwisha kazi. Inakwanguliwa na kutupwa, hairudishwi kwenye ndoo wala hainyunyiziwi maji.

Kuna jaribio moja ambalo mwenye nyumba anaweza kuliomba bila kumkosea fundi heshima. Kigae cha pili au cha tatu kikishagongwa kwa nyundo ya mpira, kinyanyuliwe. Mgongo wake uwe umefunikwa gundi walau asilimia 80, na kona zote nne ziwe na gundi. Ukiona mistari ya mwiko bado imesimama kama matuta ya shamba, kigae hakijabonyezwa vya kutosha au meno ya mwiko ni madogo. Ukiona mafungu matano, manne kwenye kona na moja katikati, simamisha kazi hapo hapo. Kulaza kwa mafungu ni haraka na kunaficha sakafu iliyopinda, lakini kati ya mafungu ni hewa tupu. Mguu wa kabati ukikaa juu ya hewa hiyo, kigae cha poselini, pamoja na ugumu wake wote, kinapasuka.

Ukutani paliachwa upenyo wa milimita 6 kuzunguka chumba. Haujazwi gundi wala grauti ngumu. Unafunikwa na skatingi. Sakafu inayobanwa na kuta nne haina pa kwenda inapotanuka kwa joto, na vigae huinuka katikati ya chumba, viwili viwili, kama paa dogo. Watu hulaumu gundi, na mara nyingi kosa lilikuwa pembeni.

Grauti haihitaji maneno mengi. Kiasi chake kinatokana na ukubwa wa kigae, unene wake na upana wa nafasi. Kwa kigae cha 60 kwa 60 chenye unene wa milimita 9 na nafasi ya milimita 3, ni gramu 144 hivi kwa mita ya mraba, au kilo 3 na kidogo kwa sakafu hii. Weka skatingi na kinachomwagika, kilo 5 kwa jumla zinatosha. Kigae cha 30 kwa 30 chenye unene huo kingetaka mara mbili yake. Vigae vinaachwa walau saa 24 kabla ya kukanyagwa na kujazwa. Grauti ikipauka na kuwa na mabaka, mara nyingi ni kwa sababu iliongezwa maji mengi, au ilifutwa kwa sifongo lililojaa maji ikiwa bado mbichi.

Bei ya fundi ilizua mabishano yaliyobaki. Wamekubaliana kwa mita ya mraba, lakini mita zipi? Ukihesabu maboksi 18, ni mita za mraba 25.92. Ukipima sakafu, ni 21.32. Tofauti ni 4.6, zaidi ya asilimia 21 ya malipo. Kipimo cha haki ni sakafu iliyolazwa, kwa tepu, mbele ya wote wawili. Vigae vilivyokatwa na kutupwa vimelipiwa dukani tayari, na kazi ya kukata imo ndani ya bei ya mita. Lakini haki hiyo ina upande wa pili. Skatingi ya mita 16.20 ina eneo la mita za mraba 1.62 tu, huku kuikata, kuipaka na kuipanga kwa msitari kukimchukua fundi muda mrefu. Kumlipa kwa 1.62 ni kumdhulumu. Hapa walikubaliana mita tatu za skatingi zihesabiwe kama mita moja ya mraba, yaani 5.4. Ukijumlisha sakafu 21.32 na kizingiti 0.36, jumla ya kulipia ikawa 27.08. Wengine hulipa skatingi kwa mita ya urefu kwa bei yake, nayo ni sawa, mradi iandikwe kabla kazi haijaanza. Kujaza bonde la dirishani kulilipwa peke yake, kwa sababu si kulaza vigae. Kujaza grauti na kusafisha vilikuwa ndani ya bei ya mita, na hilo nalo liliandikwa.

Malipo ya mwisho yalisubiri siku tatu. Fundi na mwenye nyumba walipita sakafu yote wakigonga kila kigae kwa mpini wa mwiko, katikati na kwenye kona nne. Kigae kilichoshika kinatoa mlio mzito, mfupi. Chenye uwazi chini yake kinalia kama debe. Vilipatikana viwili karibu na kizingiti, pale gundi ilipotandazwa kabla ya mapumziko ya mchana. Vilitolewa na kulazwa upya kwa vigae vya loti ya pili. Vigae viwili vya akiba vilifungwa ndani ya boksi lao, upande wenye namba ya loti ukitazama nje.